Vitabu Saba na Orodha ya Kartago: Jinsi Mkusanyo wa Vitabu Vitakatifu Ulivyokamilika

(Somo kwa ajili ya katekesi ya watu wazima)



Wengi wetu tumewahi kuwapo msibani jambo hili likitokea. Msomaji anasimama, anatangaza somo kutoka Kitabu cha Hekima, sura ya 3, juu ya roho za wenye haki zilizo mikononi mwa Mungu. Jirani mwema wa dhehebu lingine, aliyekuja kutufariji na Biblia yake mkononi, anafungua kurasa huku na huku bila kukiona kitabu hicho. Mazishi yakiisha anamwendea mfiwa kwa upole: “Mama, somo lile halimo katika Biblia. Nyinyi Wakatoliki mliliongeza.” Mfiwa hana la kujibu. Tena shaka hiyo haiishii kwenye somo moja, maana katika vitabu hivyo hivyo tunasoma habari za kuwaombea marehemu. Kama vitabu ni vya kuongezwa, anajiuliza, je, na Misa niliyomwombea mume wangu?

Katika somo hili tunafuata njia ambayo vitabu hivyo viliipitia hadi kufika katika Biblia zetu. Hatutaeleza historia yote ya Maandiko. Tutashika swali moja tu: kwa nini Biblia yetu ina vitabu 73 na ya jirani yetu 66, na ni nani aliyeongeza au kupunguza?

Tofauti yenyewe

Agano Jipya halina ugomvi. Sisi na jirani yetu tuna vitabu 27 vilevile. Tofauti yote imo katika Agano la Kale, ambalo kwetu lina vitabu 46 na kwake 39. Vitabu saba vinavyotutofautisha ni Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku, na Wamakabayo wa Kwanza na wa Pili. Pamoja navyo kuna sehemu za Esta na za Danieli, kama vile habari za Susana na wimbo wa vijana watatu katika tanuru. Kanisa Katoliki huviita vitabu vya deuterokanoni, yaani vya kanuni ya pili. Neno hilo halina maana kwamba vina hadhi ya pili. Maana yake ni kwamba kukubaliwa kwake kulichukua muda mrefu zaidi na kulipitia majadiliano. Neno “kanuni” lenyewe latokana na Kigiriki, nalo lilikuwa na maana ya ufito wa kupimia. Kanuni ya Maandiko, basi, ni orodha ya vitabu ambavyo Kanisa linavipokea kuwa kipimo cha imani.

Mfano mmoja: Yoshua bin Sira

Ili tusipotee, tuchukue kitabu kimoja katika hivyo saba na kukifuata. Yoshua bin Sira alikuwa mwalimu wa hekima mjini Yerusalemu. Aliandika kwa Kiebrania, yapata mwaka 180 kabla ya Kristo. Mjukuu wake alihamia Misri katika mwaka wa 38 wa utawala wa mfalme Euergete, ambao kwa hesabu yetu ni mwaka 132 kabla ya Kristo. Huko aliwakuta Wayahudi wengi waliozungumza Kigiriki, akaona vema kukitafsiri kitabu cha babu yake kwa ajili yao. Mwanzoni akaweka utangulizi wake mwenyewe.

Utangulizi huo mfupi ni ushahidi wa thamani kubwa. Mara tatu mjukuu anataja urithi wa vitabu vya taifa lake, na kila mara anautaja kwa mafungu matatu: Torati, Manabii, na vitabu vingine. Mafungu mawili ya kwanza yana majina. La tatu halina jina maalumu. Ni “vingine” tu. Hapo tunaona hali ilivyokuwa miaka zaidi ya 100 kabla ya kuzaliwa kwa Bwana wetu. Torati na Manabii vilikwisha kujulikana, lakini fungu la tatu lilikuwa bado halijapewa jina wala mipaka iliyo wazi.

Tafsiri za Kigiriki za vitabu vya Waebrania, zilizoanza na Torati katika mji wa Aleksandria katika karne ya tatu kabla ya Kristo, ndizo tunazoziita Septuaginta. Kanisa la kwanza lilienea katika miji ya watu waliosema Kigiriki, na Maandiko waliyoyasoma ni hayo. Waandishi wa Agano Jipya wanapotaja Agano la Kale, mara nyingi hufuata maneno ya Septuaginta. Kwa njia hiyo Yoshua bin Sira, Hekima, Tobiti na vingine vilisomwa katika makusanyiko ya Wakristo tangu mapema.

Lakini hapa ni lazima tuwe waangalifu, maana wengi wetu hukimbilia hoja isiyosimama. Twasema, “Septuaginta ilikuwa na vitabu vyetu 46, na mambo yamekwisha.” Siyo hivyo. Wakati huo Biblia haikuwa kitabu kimoja chenye jalada. Ilikuwa magombo mengi, kila moja peke yake. Na misahafu mikubwa ya Kigiriki iliyotufikia kutoka karne ya nne na ya tano hailingani. Ule wa Vatikano hauna kitabu chochote cha Wamakabayo. Ule wa Sinai una cha Kwanza na cha Nne. Ule wa Aleksandria una vyote vinne. Kwa hiyo matumizi yalikuwako, lakini orodha moja iliyofungwa haikuwako bado.

Hoja nyingine isiyosimama ni kwamba kila kitabu kinachodokezwa na Agano Jipya ni cha kanuni. Ni kweli kwamba Waraka kwa Waebrania, katika 11:35, unapowasifu walioteswa wakakataa kufunguliwa ili wapate ufufuko ulio bora, unatukumbusha mama na wanawe saba wa 2 Wamakabayo sura ya 7. Dokezo hilo laonyesha kwamba habari ile ilijulikana na kuheshimiwa. Lakini Waraka wa Yuda nao unataja wazi maneno ya kitabu cha Henoko, nasi hatukihesabu Henoko kuwa Maandiko Matakatifu. Kutajwa peke yake, basi, hakutoshi. Kulihitajika jambo jingine.

Mababa hawakuwa na kauli moja

Katika karne za kwanza orodha za maaskofu na waandishi zilitofautiana. Melito, askofu wa Sardi, yapata mwaka 170 alisafiri kwenda nchi za Mashariki ili kuuliza idadi ya vitabu vya Agano la Kale. Orodha aliyorudi nayo inakaribia ile ya Waebrania, na hata Esta haimo. Mtakatifu Athanasi wa Aleksandria, katika barua yake ya Pasaka ya mwaka 367, ndiye wa kwanza tunayemjua aliyetaja vitabu 27 vya Agano Jipya sawasawa na tulivyo navyo leo. Lakini katika Agano la Kale alimhesabu Baruku pamoja na Yeremia, akaviweka Hekima, Yoshua bin Sira, Yudithi, Tobiti, na hata Esta, katika fungu la vitabu vinavyofaa kusomwa na wakatekumeni.

Tuone jambo hilo kwa makini. Athanasi hakuvitupa vitabu hivyo. Alivitofautisha na vitabu vya uongo vilivyotungwa na wazushi. Swali la karne ya nne halikuwa kama vitabu hivi ni vyema. Wote walikubali kwamba ni vyema. Swali lilikuwa kama vina mamlaka sawa na Torati na Manabii.

Mtakatifu Yeronimo alijibu kwamba havina. Akiwa Bethlehemu, alitafsiri Agano la Kale kwa Kilatini moja kwa moja kutoka Kiebrania, na katika utangulizi wake wa vitabu vya Samweli na Wafalme akaandika kwamba vitabu visivyomo katika hesabu ya Waebrania vihesabiwe nje ya kanuni. Penginepo alisema kwamba Kanisa huvisoma kwa ajili ya kuwajenga waamini, si kwa ajili ya kuthibitisha mafundisho. Hata hivyo, maaskofu walipomwomba, alimtafsiri Tobiti kwa kazi ya siku moja, akisaidiwa na mtu aliyejua Kiaramu na Kiebrania, akamtafsiri na Yudithi pia. Vitabu vingine vya deuterokanoni aliviacha katika Kilatini cha zamani, navyo vikaingia hivyo katika Vulgata. Hatuna haja ya kuificha rai ya Yeronimo. Alikuwa mtaalamu mkubwa kuliko wote wa zama zake, na watakaovikataa vitabu hivi miaka 1,000 na zaidi baadaye watamtaja yeye.

Maaskofu wa Afrika wanaamua

Jibu la pili lilitoka katika bara letu, kaskazini mwake. Mwaka 393 maaskofu walikutana Hipo, mji ulio leo katika nchi ya Aljeria. Mtakatifu Augustino, wakati huo akiwa padre tu, alihutubia mkutano huo. Mwaka 397 wakakutana tena Kartago, karibu na mji wa sasa wa Tunis, na mara hii Augustino alikuwa miongoni mwao kama askofu.

Kilichowasumbua hakikuwa swali la vitabuni tu. Lilikuwa swali la ambo: siku ya Bwana, msomaji asome nini mbele ya waamini kwa jina la Maandiko ya Mungu? Uamuzi wao ulianzia hapo. Walikataza kusoma kanisani, kwa jina hilo, chochote nje ya Maandiko ya kanuni, kisha wakayataja moja moja. Katika Agano la Kale wametajwa Tobiti, Yudithi, Esta, na vitabu viwili vya Wamakabayo. Vimetajwa pia “vitabu vitano vya Sulemani”. Msomaji asishangae idadi hiyo: kwao Hekima na Yoshua bin Sira vilihesabiwa pamoja na Mithali, Mhubiri na Wimbo Ulio Bora. Baruku hatajwi kwa jina, kwa sababu alisomwa kama sehemu ya Yeremia. Mwishoni waliongeza mambo mawili: Kanisa la ng’ambo ya bahari, yaani Roma, liulizwe ili kuithibitisha kanuni hiyo, na habari za mateso ya mashahidi zinaweza kusomwa katika sikukuu zao.

Kwa nini hawakumfuata Yeronimo? Augustino aliandika kipimo chake katika kitabu chake juu ya mafundisho ya Kikristo. Anayechunguza Maandiko, alifundisha, atangulize vitabu vinavyopokewa na Makanisa yote kuliko vile ambavyo baadhi hayavipokei. Na miongoni mwa hivi vya pili atangulize vile vinavyopokewa na Makanisa mengi na yenye uzito. Hakuuliza kitabu kiliandikwa kwa lugha gani. Aliuliza Kanisa zima linaposali linasoma nini.

Barua yake kwa Yeronimo yatuonyesha jambo hilo lilivyogusa watu wa kawaida. Anasimulia kwamba katika mji wa Oea, ulio leo Tripoli nchini Libya, askofu alianza kutumia tafsiri mpya ya Yeronimo. Waamini walipomsikia nabii Yona akisomwa, wakakuta mmea uliomfunika kwa kivuli umebadilishwa jina. Ghasia zikazuka, na askofu akalazimika kurekebisha ili asibaki bila waamini. Watu wale hawakujua Kiebrania, lakini walijua maneno ambayo wao na wazee wao walikuwa wameyasikia kanisani.

Kuhusu Roma, tunaye Papa Inosenti I. Mwaka 405 alimwandikia Ekshuperi, askofu wa Tuluzi katika Galia, aliyekuwa ameuliza swali hilohilo, naye akampa orodha inayokubaliana na ile ya Afrika. Mwaka 419 maaskofu wa Kartago wakairudia tena orodha yao.

Kutoka Kartago hadi Trento

Mitaguso ya Hipo na Kartago ilikuwa ya kanda, si ya Kanisa zima. Kwa sababu hiyo, katika Zama za Kati wasomi kadhaa waliendelea kuirudia rai ya Yeronimo, ingawa liturujia ilivisoma vitabu vyote. Mtaguso wa Firenze, katika hati ya mwaka 1442 iliyohusu muungano na Wakristo wa Misri, uliorodhesha vitabu vyetu vilevile. Tukumbuke mwaka huo, maana Martin Luteri alizaliwa mwaka 1483.

Mwaka 1519, katika mjadala wa Leipzig, mpinzani wake Yohane Eki alimletea Luteri sura ya 12 ya 2 Wamakabayo. Humo Yuda Makabayo, baada ya vita, anakuta hirizi za sanamu chini ya nguo za askari wake waliouawa. Anachanga fedha, drakma zipatazo 2,000, anazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi yao, kwa kuwa anatumaini ufufuko wa wafu. Luteri akajibu kwamba kitabu hicho hakimo katika kanuni. Hivyo swali la zamani la Yeronimo likawa swali la imani na la sala kwa marehemu.

Hapo Mtaguso wa Trento, tarehe 8 Aprili 1546, ukafunga mjadala kwa Wakatoliki kwa kutangaza orodha kwa mamlaka kamili. Kilichokuwa kipya Trento ni nguvu ya tamko. Orodha yenyewe ilikuwa na umri wa karibu miaka 1,150.

Je, Luteri alivichana vitabu saba, kama tunavyosikia mara nyingine hata katika mahubiri? Hapana, tusimsingizie. Biblia yake ya Kijerumani ya mwaka 1534 ilikuwa navyo, vimewekwa peke yake kati ya Maagano mawili, pamoja na maelezo kwamba havilingani na Maandiko Matakatifu lakini vinafaa kusomwa. Biblia ya Kiingereza ya mfalme Yakobo, ya mwaka 1611, ilikuwa navyo pia. Vilitoweka polepole, na pigo kubwa lilikuja mwaka 1826, pale Chama cha Biblia cha Uingereza kilipoamua kutogharamia tena chapa zenye vitabu hivyo. Vyama vya Biblia ndivyo vilivyosambaza Maandiko katika nchi nyingi za misheni. Toleo la Muungano la Kiswahili la mwaka 1952, ambalo huenda ndilo alilolishika jirani yetu pale msibani, lina vitabu 66.

Kilichopatikana chini ya vumbi

Turudi kwa Yoshua bin Sira. Kwa karne nyingi kitabu chake kilijulikana kwa Kigiriki na tafsiri nyingine tu, na wapo waliosema kwamba kisichokuwa na Kiebrania hakiwezi kuwa cha Agano la Kale. Mwaka 1896 ndugu wawili mapacha, Agnes Lewis na Margaret Gibson, walileta Cambridge kurasa chakavu walizonunua katika safari yao ya Mashariki. Mtaalamu Solomon Schechter alipoutazama ukurasa mmoja, akatambua kwamba ni Yoshua bin Sira kwa Kiebrania. Kurasa nyingine zikapatikana katika ghala la maandishi la sinagogi la Kairo. Mwaka 1964 gombo lake jingine lilifukuliwa katika ngome ya Masada, kando ya Bahari ya Chumvi, lenye umri wa tangu karne ya kwanza kabla ya Kristo. Leo sehemu zipatazo theluthi mbili za kitabu hicho zinajulikana kwa Kiebrania. Katika mapango ya Kumrani vilipatikana pia vipande vya Tobiti, kwa Kiaramu na kwa Kiebrania.

Ugunduzi huo haukukifanya kitabu kuwa kitakatifu. Kingekuwa hivyo hata kama gombo lisingeonekana kamwe. Umeondoa tu hoja moja, tena unathibitisha kwamba mjukuu alisema kweli.

Jibu la kumpa jirani

Sasa mfiwa wetu anaweza kusema nini? Tunapendekeza aseme mambo matatu, kwa upole uleule aliotumia jirani. Kwanza, vitabu hivi vilisomwa na Wakristo tangu karne za mwanzo, na maaskofu wa Afrika waliviorodhesha mwaka 397. Pili, ni kweli kwamba watakatifu wengine walivitilia shaka, na Kanisa halikuharakisha. Tatu, orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya, ambayo jirani anaipokea bila swali, nayo ilikamilika kwa njia hiyohiyo: maaskofu walewale, mikutano ileile, kipimo kilekile cha vitabu ambavyo Makanisa yalivipokea. Hakuna ukurasa wowote wa Biblia unaoorodhesha vitabu vya Biblia. Ndiyo maana Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Dei Verbum namba 8, unafundisha kwamba ni kwa njia ya Mapokeo Kanisa linaijua kanuni yote ya Vitabu Vitakatifu.

Asiseme kwamba Kanisa lilivifanya vitabu kuwa vitakatifu. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano ulikwisha kueleza kwamba vitabu ni vitakatifu kwa sababu viliandikwa kwa uvuvio wa Roho Mtakatifu na Mungu ndiye mtunzi wake, wala si kwa sababu Kanisa liliviidhinisha baadaye. Kanisa lilivitambua, kama kondoo wanavyoitambua sauti ya mchungaji.

Kwa zoezi la darasa, kila mwanafunzi alete Biblia aliyo nayo nyumbani, ya toleo lolote. Fungueni yaliyomo, hesabuni vitabu vya Agano la Kale, mkaandike ubaoni vinavyokosekana. Kisha asomwe utangulizi wa Yoshua bin Sira kwa sauti, na wanajumuiya waonyeshe mahali mjukuu anapotaja mafungu matatu. Mwisho isomwe 2 Wamakabayo 12:38-46, na kila mmoja ataje jina la marehemu anayemwombea.